Voisi ya kumuomba msamaha dada, nisome hivihivi nisiruke

Nirekodi saa tatu usiku akishafunga biashara na watoto wamelala. Nisirekodie Kibirizi, pale injini na makelele ya wabebaji yatafanya aone nimemkumbuka njiani tu. Nikae chumbani, feni nizime, maiki niivute juu ijifunge ili kidole kisije kikaachia katikati. Namba kwenye mabano ni sekunde za kunyamaza, nihesabu kimoyomoyo na nihesabu kweli, dada anasikilizaga voisi kwa spidi ya mara mbili, nikinyamaza kidogo hatasikia kama nimenyamaza. Neno "lakini" lisitoke mdomoni hata mara moja.

(pumzi ndefu, ndio nibonyeze)

Shikamoo dada.

(2)

Ni mimi. Umenipigia simu wiki tatu sijapokea, nilikuwa naiona inaita, naiangalia mpaka inakata. Sikuwa mbali na simu wala chaji haikuisha. Niliogopa sauti yako.

(3, nisikohoe)

Naomba unisikilize mpaka mwisho, nimeandika kabisa kwenye karatasi nisije nikazungukazunguka. Ni dakika tano hivi.

(hapa polepole, kila namba niitaje yenyewe)

Ulinitumia laki tisa. Ya kilo thelathini za dagaa wa kichanja, wasafi, kilo moja elfu thelathini. (2) Mimi nikanunua kilo kumi na nane, tena wa mchangani, wa elfu ishirini. Hapo ni laki tatu na sitini. (2) Iliyobaki, laki tano na arobaini, niliichukua mimi nikalipa deni langu la vikoba.

(4. nisijaze hapa na maneno, aisikie)

Hukujua. Sikukuomba. Ungekuwa umenikopesha ningekuwa na deni, ila hii sio deni dada, nilichukua hela yako ya mtaji, hela ambayo najua unaipata ukikaa juani pale sokoni Tabora kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

(2)

(sasa inakuja sehemu ngumu, sauti ishuke, nisikimbie hata nikiona koo linabana, likibana ninyamaze kwanza nimeze mate ndio niendelee, nisisimamishe kurekodi)

Halafu nikakudanganya.

(3)

Ulivyoniuliza mbona mzigo mdogo nikakwambia dada huku ni mwezi, mitumbwi haijatoka, dagaa hakuna, hao wenyewe nimewagombania. Na wewe ukanijibu "sawa". Basi. Hilo neno moja ndio linaninyima usingizi mpaka leo, kwasababu nilikaa nikafikiria nikajua kabisa ulishajua. Wewe umekulia hapa ziwani kama mimi, baba alivyokuwa anatoka na karabai si wewe ndio ulikuwa unanifundisha kwamba mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu, na giza likirudi ndio ziwa lote linawaka taa usiku utadhani kuna mji mwingine kule majini. (2) Wiki ile ilikuwa giza dada. Giza totoro. Kibirizi dagaa walikuwa wamejaa wanaanikwa mpaka kwenye mawe. Na mwezi wa Kigoma si ndio huohuo wa Tabora, ulitoka tu nje ya nyumba yako ukaangalia juu ukaona hamna mwezi, ukarudi ndani ukaniandikia sawa.

(5. hii ndio ndefu kuliko zote)

Ulinisitiri na mimi nikatumia huo usitiri wako kujificha.

(2)

Tena nikaongezea na treni. Nikasema mzigo umechelewa sababu ya treni, wakati gunia lilikaa kwangu siku nne natafuta namna ya kulijaza. Ndio maana hata ulivyolifungua lilikuwa linatoa joto.

(3)

Nimesikia pia lile gunia ulilifungua mbele ya yule mama mwalimu anayechukuaga kilo kumi kwa mkupuo. Kwamba alishika mchanga mkononi akauangalia akaurudisha, akaondoka bila kununua. Sijaambiwa na wewe, wewe hukusema kitu. Nimeambiwa na mtu aliyekuwepo. Hela naweza kuirudisha ikatimia, yule mama kukuamini tena siwezi kumlipia mimi, na hilo nalijua.

(4)

(nikae vizuri, mgongo unyooke, hapa sauti irudi juu kidogo isiwe ya kulialia, ni mambo ya mahesabu)

Sasa nakwambia nitakachofanya. Leo asubuhi nimekutumia laki mbili, angalia meseji, imeingia kwa jina langu. Imebaki laki tatu na arobaini. Ijumaa tarehe 14 nakutumia laki na sabini. Ijumaa tarehe 28 laki na sabini nyingine, inaisha. (2) Nitakachouza mpaka hapo kinaenda huko kwanza, nimeshamwambia na shemeji yako, tumekaa naye tumehesabu pamoja, na yeye amejua nilichofanya, nimemwambia mwenyewe.

(2)

Zile kilo kumi na nane za mchanga sizihesabu. Giza linaloanza sasa hivi nakuchukulia kilo kumi na nane za kichanja, nachagua mimi mwenyewe mmoja mmoja, nazipima nakupigia picha ya mzani, napakia stesheni nakupigia picha ya risiti siku hiyohiyo. Hutoi hata mia. Kama yule mama mwalimu ataikubali, mpe kilo mbili humo umwambie mdogo wangu ndiye aliyeharibu. Umtaje hivyo hivyo, mimi.

(3)

Na kuhusu mama. Mama hapa Ujiji hajui. Nilitaka nikuombe usimwambie, nimeandika hiyo sentensi nikaifuta. Ukitaka kumwambia mwambie, ni haki yako. Ukitaka nimwambie mimi, nitaenda kesho yake nikae pale kwenye mkeka nimwambie wewe ukiwa kwenye simu unasikia.

(2)

Kuhusu mzigo wa mbele, najua hunipi hela tena, na usinipe. Tafuta mtu mwingine hapa Kibirizi, nitakuonyesha wawili ninaowaamini ukachague, na sitachukua chochote katikati.

(4)

Sikuombi unijibu leo. Ukikaa kimya mwezi mzima nitatuma hela zile tarehe zilezile. Ukinipigia napokea, hata usiku, hata kama ni kunigombeza, gombeza.

(2)

(asante ya ada ya shule niliiandika hapa nikaikata. Alinisomesha kweli akiwa anauza maandazi, ila nikiitaja leo itakuwa kama namlainisha. Nitamwambia siku nyingine, uso kwa uso.)

(pumzi. 3. sentensi ya mwisho niiseme mara moja tu, polepole kuliko zote, nisiishushe mwishoni ikamezwa, neno la mwisho lisikike lote)

Dada, nilikula hela yako na nikakudanganya, kosa ni langu peke yangu, naomba unisamehe.

(2, halafu nitume. Nisiseme haya baadae, nisiseme usiku mwema, nisitume na kiemoji. Nisiirudie kuisikiliza kabla ya kutuma maana nitaifuta.)