Tangazo la maembe ya Hindi, limeandikwa upya

Ami, asalamu alaykum. Natumai nyote hamjambo huko Hindi.

Tangazo lako nimelipata na sijalituma bado kwenye kundi la wanunuzi wa mjini. Ulikuwa umeandika hivi:

"MAEMBE MATAMU SANA YAPO TELE SHAMBANI HINDI. BEI NI YA MAELEWANO. WAHI KABLA HAYAJAISHA. PIGA SIMU."

Kila neno hapo ni kweli, lakini mwenye duka la sharubati hapa Lamu hawezi kununua kwa maneno hayo. Yuko ng'ambo ya maji. Kabla hajatoa shilingi anataka kujua ni maembe gani, mangapi, yatamfikia yakiwa magumu au mabivu, na boti na hamali watamla kiasi gani. Asipoyaona hayo atakaa kimya, na atakayekupigia ni dalali anayetaka kununua mti mzima kwa kukadiria kwa macho. Ndiyo maana nimeliandika upya kwa hesabu ulizonipa jana kwenye simu. Lisome lote, na palipo na kosa nirekebishe kabla halijatoka.

MAEMBE YA NGOWE NA BORIBO KUTOKA HINDI
Yanakabidhiwa jeti ya Mokowe, Jumanne tarehe 13 Januari 2026, saa 2 hadi saa 4 asubuhi

Ninauza maembe ya shamba langu mwenyewe, Hindi, Kaunti ya Lamu. Yatachumwa Jumatatu tarehe 12 na kuteremshwa Mokowe kwa pikapu kesho yake asubuhi. Mzigo wote wa safari hii ni kreti 46:

Ngowe daraja la kwanza: kreti 24, kila kreti maembe 50. Bei Sh 750 kwa kreti, yaani Sh 15 kwa embe.

Ngowe daraja la pili: kreti 10, kila kreti maembe 60. Bei Sh 480 kwa kreti, yaani Sh 8 kwa embe.

Boribo: kreti 12, kila kreti maembe 40. Bei Sh 800 kwa kreti, yaani Sh 20 kwa embe.

Tunahesabu embe mojamoja tukipanga kwenye kreti, na wewe una haki ya kuhesabu tena pale jeti. Hatufungi magunia, kwa sababu embe la gunia hufika mjini limepondeka.

Ubora. Ngowe daraja la kwanza ni embe refu lenye ncha iliyopinda, limejaa mabegani, halina jeraha wala doa jeusi la utomvu. Linafaa kuuzwa rejareja au kukatwa vipande kwa wageni wa hoteli. Daraja la pili ni Ngowe hiyohiyo na utamu ni uleule, ila ni dogo, au ngozi ina mikwaruzo ya matawi na madoa ya utomvu. Hilo ni la sharubati na achari. Ukitaka kulipanga mezani dukani, usilichukue. Boribo zote ni kubwa na ni za daraja moja. Zenye kasoro hatuzileti.

Maembe yatafika yakiwa yamekomaa lakini bado magumu. Tunapasua machache ya kila mti kwanza, na nyama ya karibu na kokwa ikiwa haijageuka manjano mti huo tunauacha. Ukiyatandaza kivulini penye hewa yataiva ndani ya siku 5 hadi 7. Anayetaka ya kutumia mapema aseme wakati wa kuagiza, tumtengee yaliyoanza kubadilika rangi mtini. Hayo hayatazidi kreti 6 na bei yake haibadiliki. Hatuivishi kwa kabaidi.

Tunachuma kwa upondo wenye mfuko wa wavu, embe halianguki chini. Kikonyo kifupi kinaachwa, kisha embe linalazwa kichwa chini mpaka utomvu umalizike ndipo liingie kwenye kreti. Dawa ilipulizwa wakati wa maua tu. Tangu matunda yafunge hakuna iliyopulizwa. Kwa ajili ya nzi wa matunda tunatundika mitego, na yaliyoanguka tunayaokota na kuyafukia. Hata hivyo hakuna mkulima anayeona ndani ya embe zima. Ukipasua ukakuta funza, piga picha, utume ndani ya siku 7 tangu ulipochukua mzigo, na utarudishiwa pesa ya kila embe lililoharibika.

Kuchukua mzigo. Bei zilizo juu ni za kukabidhiwa jeti ya Mokowe. Nauli ya pikapu kutoka shambani nimeilipa mimi. Boti ya kuvukia, hamali, mkokoteni au punda wa upande wa Lamu ni juu ya mnunuzi. Wasioweza kuvuka tutawavushia hadi jeti ya Lamu mjini kwa Sh 50 kwa kreti, kuanzia kreti 5. Boti yetu itaondoka Mokowe saa 4 na nusu, na mwenye mzigo au mtu wake awepo jeti kuupokea, kwa kuwa hatuna pa kuuhifadhi.

Atakayekuja na chombo chake mwenyewe hadi shambani anapunguziwa Sh 50 kwa kila kreti. Tukutane senta ya Hindi Jumanne saa 12 na nusu asubuhi, nitakuongoza.

Kreti zinarudi. Lete kreti zako tupu, au uache amana ya Sh 300 kwa kila kreti yetu. Amana utarudishiwa yote ukirudisha kreti nzima, Mokowe au Lamu mjini, ndani ya siku 10.

Kuagiza na kulipa. Andika ujumbe kwa nambari iliyotuma tangazo hili, ukitaja aina, daraja, idadi ya kreti na mahali utakapochukulia. Mwisho wa kuagiza ni Jumapili tarehe 11, saa 12 jioni. Nusu ya bei italipwa kwa M-Pesa kwa nambari hiyohiyo kabla ya Jumatatu saa 6 mchana, kwa kuwa baada ya hapo tunaanza kuchuma. Nusu ya pili pamoja na amana utalipa ukishauona mzigo na kuuhesabu. Tukishindwa kuleta, pesa yako inarudi siku hiyohiyo. Mnunuzi asipotokea, mzigo wake utauzwa papo hapo jeti, na arubuni yake itafidia hasara kwanza, itakayobaki atarudishiwa.

Mfano wa hesabu: kreti 5 za Ngowe daraja la kwanza ni Sh 3,750. Kreti 2 za daraja la pili ni Sh 960. Kuvushiwa hadi Lamu mjini, kreti 7, ni Sh 350. Jumla Sh 5,060. Usipokuwa na kreti zako, ongeza amana ya Sh 2,100 ambayo itarudi mkononi mwako.

Bei hizi ni za mzigo wa tarehe 13 na ni moja kwa kila mtu. Mchumo wa pili utakabidhiwa Jumanne tarehe 20 Januari, na idadi yake itatangazwa Jumamosi tarehe 17, nikishaizungukia miti. Wenye kutaka Boribo za kuweka kabla ya Ramadhani waniambie mapema.

Mwisho wa tangazo.

Sasa Ami, kuna mambo machache nataka tukubaliane.

Kubwa zaidi ni "bei ya maelewano". Najua wewe hupenda kuzungumza na mtu, umpunguzie ukimwona ana haja. Ila wanunuzi wa mjini wanajuana, wanakaa baraza moja. Mmoja akipata kwa 700 na mwingine kwa 750, jioni hiyohiyo watakuwa wameshaambiana, na yule wa pili hatarudi. Ndiyo nikaandika bei ni moja. Ukitaka kumsaidia mama wa achari pale sokoni karibu na Ngome, mwongezee maembe machache ya daraja la pili juu ya kreti yake, bei usiiguse.

Kuhusu daraja la pili, uliniambia tuyachanganye chini ya kreti ili yaishe. Nakuomba tusifanye hivyo. Mwenye hoteli atakayekuta manane yenye mikwaruzo chini ya mazuri atahesabu kwamba umemuibia, na hata mazuri yako atayatilia shaka. Wauza sharubati wanayatafuta hayo madogo kwa bei yake na wala hawajali ngozi. Kwa bei ya 8 naamini kreti zile 10 zitaisha kabla ya zile za daraja la kwanza.

Neno "matamu sana" nimelitoa. Kila anayeuza maembe msimu huu anasema yake ni matamu. Nimeweka jinsi mnavyochuma, kwa sababu hilo watu wa hapa hawalijui, nami nimekuona na upondo wako jua kali ukichagua embe mojamoja wakati wenzako wanatikisa matawi. Kazi hiyo inastahili kulipwa, na mtu hawezi kuilipia asipoambiwa.

Naomba unithibitishie mambo matatu leo kabla ya Isha. Kwanza, kwamba kreti 46 zinaingia kwenye pikapu kwa safari moja. Nimekadiria kilo 20 kwa kreti, yaani kama kilo 920 zote. Pikapu ikiwa ya mzigo mdogo, nipunguze Boribo. Pili, muulize mwenye boti hali ya maji asubuhi ya tarehe 13. Maji yakiwa yamekupwa sana saa 4, tutasogeza muda wa kukabidhi, na lazima uandikwe sawa tangu mwanzo, watu wasije wakakaa juani bure. Tatu, hiyo habari ya dawa. Niliandika kama ulivyoniambia, kwamba mara ya mwisho ilikuwa wakati wa maua. Kama kuna mti hata mmoja uliopulizwa baada ya hapo, nitajie tuuache nje ya mzigo huu.

Picha ulizotuma ni za mti kwa mbali. Nitumie tatu nyingine: kreti moja ya kila daraja iliyokwisha kupangwa, ikipigwa kutoka juu, pembeni pawe na embe moja lililopasuliwa rangi ya ndani ionekane. Za daraja la pili usizifiche mikwaruzo. Zikifika nitalituma tangazo usiku huu, nao maagizo nitayaandika kwenye daftari kwa mpangilio wa aliyelipa kwanza, nikusomee kila jioni.