Redio ya Bibi

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, jamaa na marafiki, poleni na msiba, na asanteni kwa kufika kumsindikiza Bibi. Mimi ni mjukuu wake wa tatu. Nimepewa dakika tano. Bibi angeniambia mbili zinatosha, kisha yeye mwenyewe angechukua ishirini.

Wengi mlimjua kwa ukali wake, na sitajifanya hakuwa mkali. Ila ukali wake ulikuwa na namna yake. Nilipokuwa na miaka tisa nilikalia miwani yake, mkono mmoja ukakatika. Nikairudisha mezani kimyakimya. Alipouliza, nikamsingizia binamu yangu, yule pale mstari wa pili, naona anatikisa kichwa mpaka leo. Bibi hakusema neno. Alichukua uzi mweusi, akauzungusha pale palipovunjika, akakaza fundo kwa meno, akaivaa. Mama akamwambia, "Twende ukatengeneze nyingine." Akakataa. Basi kila nikiinua macho kwenye sahani yangu, fundo lile linanitazama. Nilivumilia wiki tatu. Siku niliyokwenda kukiri, nalia kwikwi, yeye alikuwa anakunja nguo na hakuacha kukunja. Akasema, "Nilikuwa nakungoja. Sasa nenda kamwombe mwenzako radhi." Wiki ileile akavaa miwani mpya.

Kazi yangu kwake ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Kila jioni ananiita, "Njoo, macho yangu yamechoka." Nami naacha mchezo, naenda, natunga uzi, halafu nakaa, maana ukishaingia chumbani kwa Bibi hutoki hivihivi. Atakuuliza shule, atakuuliza nani kakuudhi. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, najiona mtu muhimu sana. Juzi, tukiwa tumekaa hapa msibani, mama mdogo ananiambia, "Wewe naye! Mama alikuwa anatunga uzi gizani." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huko nje sikuwa nacheka tena.

Wenye simu zao mnajua alivyokuwa. Alipiga kelele kana kwamba hiyo simu haipo na anakuita kutoka ng'ambo ya mto. Na hakuwa na desturi ya kuaga. Akishasema lake, "Haya," simu imekatika, umebaki na sikio lako. Nilimlalamikia mara moja. Akajibu, "Si tumeshamaliza? Au ulitaka tuangaliane?" Na Jumanne alfajiri ameondoka vilevile. Usiku wake aliniuliza kama nimekula, nikamjibu nimekula. Akasema, "Haya." Akageukia ukutani.

Hapo ndipo ninapokwama, naomba mnivumilie kidogo.

Amefika miaka 84, na watu wananiambia amekula chumvi nyingi, nishukuru. Nashukuru. Lakini umri wake haupunguzi kitu ninapopita mlangoni pake na kuona kandambili zake zimepangwa, zimeelekea nje. Jana usiku nilishona kifungo cha shati hili. Nikatunga uzi mara ya kwanza tu, ukapita, nikabaki nimeishika sindano sijui nimpe nani. Kifungo chenyewe kimekaa upande, naye angekiona tangu mlangoni.

Kwa mama, mama wadogo na mjomba: mlimuuguza kwa zamu miezi minne, mkamgeuza, mkamwogesha, mkatukanwa kidogo pia pale uji ulipopoa. Wajukuu tumeona. Asanteni.

Nimalizie na redio, maana siwezi kumtaja Bibi nisiitaje. Ilikaa kichwani mwa kitanda chake, kitufe kimoja kimeng'oka, mahali pake amechomeka njiti ya kiberiti. Usiku Bibi amelala fofofo, anakoroma, redio inaongea. Ukinyata ukaizima, palepale anaamka: "Nani kazima? Nilikuwa nasikiliza." Ukimuuliza walikuwa wanasema nini, atakujibu, "Habari." Marehemu Babu alibishana naye kwa jambo hilo maisha yao yote ya ndoa, na hakushinda hata usiku mmoja.

Jumanne ile, mama alipokwisha kumfumba macho, chumba kizima kililia, na redio nayo inasoma hali ya hewa. Mtu mmoja akanyoosha mkono aizime. Mjomba akamshika. Tukasimama pale, watu wazima tisa, machozi yanatutoka, tunasikiliza kama mvua itanyesha.

Asubuhi ya leo, kabla hatujatoka nyumbani, nimeingia chumbani kwake. Betri zinaelekea kuisha, sauti imekuwa nyembamba. Nimeweka mpya, nikaichomeka vizuri ile njiti.

Haya, Bibi.