Meseji kwa mwenye tangazo la fundi cherehani, Tandika

Habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu, sijui kama naongea na kaka au dada maana kwenye tangazo kuna namba tu, naomba nikuite bosi kwa sasa. Nimeona karatasi yako imebandikwa kwenye nguzo pale Tandika karibu na sokoni, imeandikwa ANAHITAJIKA FUNDI CHEREHANI SARE ZA SHULE halafu hii namba, basi. Jana jioni nimepiga mara 2 haikupokelewa nikajua uko na wateja, ndo nimeona niandike ili ukitulia usome.

Kama nafasi bado ipo naiomba.

Mimi ni Mama Zuhura, nina miaka 31, naishi Mbagala Rangi Tatu. Ushonaji nimesoma VETA Chang'ombe na tangu nimalize 2015 sijafanya kazi nyingine zaidi ya hii. Miaka 4 ya mwisho nilikuwa kwenye ofisi moja ya sare huku huku Mbagala, mwenye fremu akapandisha kodi bosi wetu akashindwa akafunga, kwa hiyo sikufukuzwa wala sikugombana na mtu, na yule bosi yuko tayari kuongea na wewe nitakupa namba yake ukiihitaji.

Nashona suruali, kaptula, mashati na sketi za marinda. Kwenye marinda ndo najiamini zaidi, nayapanga kwa chaki na rula kwanza kabla sijagusa cherehani maana yakipishana hata kidogo mtoto akisimama mstarini yanaonekana, na najua yanakula kitambaa karibu mara 3 ya kiuno kwa hiyo sikati kwa kubahatisha nikakutia hasara. Suruali za watoto huwa naacha pindo la inchi 2 ndani ili mzazi mwakani aje ashushe tu asinunue nyingine, wazazi wanalipenda sana hilo na wanarudi. Tetroni naijua inavyofumuka nyuzi pembeni, siachi mshono bila ovaloki hata kama mteja kasimama mlangoni ananiharakisha.

Kwa siku nikikuta vitambaa vimeshakatwa natoa suruali 6, sketi za marinda 4 mpaka 5. Nikikata mwenyewe zinapungua, nasema ukweli sitaki nije nikuahidi 10 halafu uziangalie mishono imepinda. Cherehani ya miguu na ya umeme zote natumia, ovaloki natumia na kuitunga nyuzi najua. Mashine ya kudarizi nembo za shule sijawahi kuitumia ila nikielekezwa najifunza.

Nimekutumia picha 5 hapo chini, zote ni kazi zangu, ile ya sketi ya bluu nimepiga kwa ndani makusudi uone mshono ulivyo, maana kwa nje kila fundi kazi yake inapendeza.

Naomba kuuliza vitu vichache bosi usinichukulie vibaya. Malipo ni kwa pisi, kwa siku au kwa mwezi? Na kazi ni ya msimu huu tu mpaka shule zifungue Januari au inaendelea? Mi ningependa inayoendelea ila hata ya msimu nakuja. Muda wa kutoka pia, saa 12 jioni sina shida, na kipindi cha kukimbizana na oda naweza kukaa hadi saa 2 usiku maana mwanangu anabaki na bibi yake, ila nijue mapema nimwambie mama.

Lingine hili nalisema kwa heshima. Kuna tangazo la namba tu nililipigia mwezi uliopita wakaniambia nitume hela ya fomu kwanza, nikatuma, namba ikazimwa. Ilikuwa hela ya kula nyumbani ile, iliniuma sana. Sisemi na wewe uko hivyo, ila ndo maana naomba unielekeze ofisi ilipo nije mwenyewe tuonane.

Kitambulisho cha NIDA ninacho, barua ya serikali ya mtaa naweza kuchukua, na mdhamini nnaye, mjomba wangu ana duka hapa Rangi Tatu.

Nakuomba unipe majaribio ya siku moja, nipe kitambaa na vipimo nishone suruali 1 na sketi 1 mbele yako, mkasi na futi nakuja navyo. Ukiona haifai nitaondoka kwa amani, nauli yangu mwenyewe.

Kuanzia kesho asubuhi saa 1 naweza kuwa Tandika. Namba yangu ni hii hii ya kawaida na watsapu, ukiwa na kazi mkononi nitumie hata sauti tu nitasikiliza. Asante bosi, kazi njema.

Mama Zuhura, fundi, Rangi Tatu