Unga wa Mzee Doto

Jumatatu ile meza ya minofu ilikuwa na pengo. Kisu cha Mzee Doto kililala mahali pake, kimeoshwa, na aproni yake ilining'inia ukutani. Nakato alitazama mlangoni mara mbili, mara tatu. Mzee hakutokea.

Alikuwa na miezi minne Mwanza, kutoka Masaka, upande wa pili wa ziwa. Sangara aliwajua tangu utotoni kwa jina la empuuta. Kiswahili ndicho kilichomtesa. Kwao posho ni chakula, ndiyo ugali wenyewe. Hapa watu walikuwa wanailalamikia posho kila mwisho wa wiki, naye kwa siku nyingi akadhani kiwanda hakiwapikii vizuri. Tangu hapo alibeba daftari dogo, akaandika kila neno jipya.

Wa kwanza kumwelekeza kazi alikuwa Mzee Doto. Aliposikia jina lake aliuliza, "Wewe ni pacha wa nyuma?" Nakato akaitikia. "Basi wewe ni Doto mwenzangu. Kwetu Usukumani wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto." Kuanzia siku hiyo akamwita mwanangu, akamfundisha kupitisha kisu juu ya uti wa samaki bila kuacha nyama.

"Mama Shija," Nakato alinong'ona, "mzee anaumwa?"

Mama Shija hakuinua macho. "Mzee Doto kamwaga unga."

"Unga wote?"

"Wote, mwanangu. Na watoto watatu bado wanasoma."

Meza nzima ilikuwa kimya. Wakati wa mapumziko Nakato alifungua daftari. Mwaga: neno hilo alilijua, maji ya barafu yalimwagwa kila jioni. Unga alikuwa anaununua mwenyewe. Akauona moyoni mfuko ukipasuka juu ya bodaboda, unga umetapakaa barabarani, mzee amesimama pembeni, mikono mitupu. Na mwezi ulikuwa tarehe 24. Nani asingekaa nyumbani kwa uchungu?

Jioni alihesabu fedha zake, akanunua kilo kumi za sembe. Nauli ya kesho akaiacha mkononi. Ya keshokutwa angejua huko mbele.

Nyumba ya mzee ilikuwa juu Mabatini, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na njia ni ngazi za kuchonga. Alipumzika mara nne. Nyuma yake jiji lilikuwa linawasha taa, na ziwa limebaki na wekundu kidogo. Kijana mmoja alimpokea mzigo hadi mlangoni, akakataa malipo.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umepandaje huku na mzigo?"

Nakato aliuweka mfuko chini kwa mikono miwili, akapiga magoti kama alivyofundishwa kwao. "Nimesikia umemwaga unga. Pole sana. Nimekuletea mwingine."

Mke wa mzee aligeuza uso. Binti mdogo alianza kucheka, kaka yake akamshika bega. Mzee Doto aliutazama mfuko, akamtazama Nakato, na Nakato akajua kwamba kuna kitu amekosea, ila hakujua ni kipi.

"Inuka, ukae kwenye kiti," mzee alisema. "Nani kakwambia?"

"Mama Shija."

"Kasema kweli. Ila unga huo hauzolewi." Alisugua viganja vyake, vyenye makovu ya miiba. "Mtu akiachishwa kazi, tunasema kamwaga unga. Kazi ndiyo inayoleta unga ndani. Jumamosi jioni walituita watu sita. Mitumbwi kutoka visiwani inarudi na samaki wachache, na wengi hawafiki hata sentimita 50, kiwanda hakiruhusiwi kuwapokea. Wamepungua samaki, tumepunguzwa na sisi."

Nakato alifunika uso. "Nisamehe, mzee. Nimekuja kukuumiza."

"Jumapili nzima hakuna aliyepanda ngazi hizi," mke wa mzee alisema. Alikuwa ameshaufungua mfuko na kuteka unga kwa bakuli. "Maji yako jikoni. Utakula na sisi."

Walikula ugali kwa dagaa wa kukaanga. Hakuna aliyezungumzia kiwanda mpaka mikono iliponawishwa. Mzee alimsindikiza hadi ngazi ya kwanza, akasimama.

"Kisu changu kimechukuliwa?"

"Bado kipo mezani."

"Kesho wahi, ukichukue wewe. Ncha yake inavuta kushoto kidogo, usishindane nacho. Ukifika mbavuni, legeza mkono."

Nakato alilegeza mkono pale gizani, akaupitisha hewani polepole.

"Hapo hapo," mzee alisema. "Shuka taratibu, ngazi ya tatu imelegea."