Asante kwa usaili wa leo

Kwa: Bi. Rehema Sanga
Mada: Shukrani kwa usaili wa leo, nafasi ya Msimamizi wa Ubora wa Nafaka, Kibaigwa

Bi. Rehema,

Habari za jioni. Nakushukuru wewe na wenzako kwa muda mlionipa leo asubuhi pale Makole, na kwa namna mlivyoniachia nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu.

Naomba nirudi kwenye swali moja tu, lile la mkulima wa Kiteto. Fuso ameshalilipa, magunia yameshashushwa, kipimo kinaonyesha sumukuvu imezidi. Nilikujibu kwamba mzigo huo haupokelewi, na bado nasimama hapo. Kikomo cha mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote kwa jumla, na 5 kwa ile ya aina ya B1. Umbali aliotoka mtu hauongezi hata moja juu yake. Ila ulipouliza "halafu?", muda ulikuwa umekwisha, na kwangu hiyo "halafu" ndiyo kazi yenyewe.

Mahindi yaliyokataliwa getini kwetu hayamwagwi. Yanarudi nyumbani yakasagwe, au yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa dalali asiyepima chochote. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na kule Manyara, na walikula mahindi ya akiba yao wenyewe. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kwa hiyo ningependa kila mzigo unaokataliwa uondoke na mambo mawili. La kwanza ni karatasi yenye kipimo, aliyoandikiwa mwenyewe akiona. La pili ni maneno ya wazi, yanayosemwa kwa heshima na si mbele ya foleni nzima: usile haya, usimpe mtu, na huyu hapa ndiye afisa ugani wa kwenu, nimeshampigia. Akitaka kuchambua punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi, achambue, kwa kuwa mara nyingi sumu imejaa humo. Lakini yapimwe upya kabla ya mtu yeyote kuyala au kuyanunua.

Ulitaja pia kwamba mnafikiria kutenga siku moja kwa wiki ya kupima sampuli za vikundi kabla mizigo haijaanza kushuka. Katika yote niliyoyasikia leo, hilo ndilo lililonivutia zaidi. Kikundi kikileta kilo chache zilizochanganywa vizuri kutoka magunia mengi, kinajua kilipo kabla ya kukodi gari. Haiondoi kipimo cha getini, maana sampuli ya kikundi haiwezi kusema kila gunia likoje, lakini inampunguzia mkulima hasara kubwa kuliko zote. Mwaka ambao mvua imekatika mahindi yakiwa yanabeba, kama inavyotokea huku kwetu, ningeanza siku hizo mapema, kwa sababu kuvu hii huingia shambani wakati mmea umeelemewa na ukame.

Mlisema uamuzi utatoka kabla ya Ijumaa ijayo. Kama kuna jambo mngependa nilifafanue kabla ya hapo, napatikana kwa simu mchana wote.

Wako,
Neema Mathayo

---

Kwa: Mzee Chiwanga, Mtunza Ghala Mkuu
Mada: Asante, na ile habari ya chupa na chumvi

Mzee Chiwanga, shikamoo.

Nakushukuru sana kwa maswali ya leo. Yalikuwa ya mtu anayeijua ghala, na nimejifunza kwako.

Ulichosema juu ya magunia ya katikati ya gari nimekiandika. Wapimaji wengi huchoma bambo kwenye gunia la juu, karibu na mlango, na kila mpakiaji anajua. Kwa unyevu unaweza kubahatika. Kwa sumukuvu huwezi, kwa sababu haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi kabisa na jirani yake likawa limejaa sumu, na hata ndani ya gunia moja punje chache ndizo zinazobeba karibu sumu yote. Ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba mzigo ushushwe kwanza, bambo lichome juu, kati na chini, kwenye magunia mengi, kisha punje zote zichanganywe na kusagwa pamoja kabla ya kuchukua kile kidogo cha kupima. Inakula muda, na siku ya foleni watu watalalamika. Kama nitakuwa hapo, malalamiko hayo nitayapokea mimi, vijana wako waendelee na kazi.

Uliniomba nikuandikie namna ya chupa na chumvi ili uwape viongozi wa vikundi. Ni hivi. Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Chumvi nayo iwe kavu, ikibidi ianikwe juani kwanza. Tia mahindi hadi kama robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani, juu ya turubai na si chini kwenye udongo. Isipoganda, yako chini ya 15.

Hapo kuna jambo la kuwasisitizia. Sisi tunataka 13.5. Chupa inamwambia mkulima kwamba bado hajafika, lakini haimwambii kwamba amefika. Anayeona chumvi haigandi aanike tena siku moja au mbili, ndipo aje kwenye mashine yako. Na chupa haijui lolote kuhusu sumukuvu. Mahindi makavu yanaweza kuwa nayo kama yaliipata shambani.

Nisalimie vijana wa mizani.

Neema

---

Kwa: Upendo, Utumishi
Mada: Asante, na majina ya wadhamini

Dada Upendo, habari za jioni.

Asante kwa kunipigia jana saa ya usaili ilipowahishwa. Natoka Manyoni, na simu yako iliniwezesha kupanda basi la mapema na kufika nikiwa nimetulia. Asante pia kwa kunionyesha chumba cha kusubiri na kunieleza mapema nani atakuwa upande gani wa meza.

Majina mawili ya wadhamini uliyoomba yako kwenye kiambatisho, pamoja na namba zao. Wote wawili nimewaarifu kwamba huenda ukawapigia. Wa pili yuko mashambani mara nyingi na mtandao wa kule unasumbua, hivyo ni rahisi kumpata baada ya saa kumi jioni.

Kuhusu tarehe ya kuanza, mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya mwezi mmoja, kama nilivyosema mbele ya jopo. Nimeona niiandike hapa pia ili iwe kwenye faili lako.

Jioni njema,
Neema Mathayo