Saa za Duka na Punguzo za Usiku katika Mwezi wa Ramadhani

Wateja wetu, assalamu alaykum. Ramadhani inaingia, na kwa mwezi mzima duka litafuata adhana. Kanuni yetu ni hii: hakuna punguzo litakaloanza au kuisha wakati watu wako kwenye sala. Mwaka jana tuliweka punguzo lililokoma saa tatu kamili usiku, na tuliwaona watu wakitoka msikitini katikati ya tarawehe wakikimbilia dukani. Kosa lilikuwa letu na lilituuma. Safari hii hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya rakaa na kanzu.

Mchana

Tunafungua saa 4 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, ili wauzaji wetu, ambao nao wamefunga, wafike nyumbani kabla jua halijazama. Adhuhuri na Alasiri tunashusha pazia dakika 20 kila sala. Ijumaa tunafunga saa 6 mchana na kurudi saa 8. Ukikutwa ndani adhana inapolia, nguo ulizochagua tunazitundika kando na ukirudi utazikuta. Nyuma ya duka pana mahali pa kuswalia, upande wa wanawake umetengwa kwa pazia, na maji ya kutawadhia yapo.

Punguzo zote tunazozitaja hapa chini zinapatikana mchana pia, siku inayofuata, mpaka saa 11 jioni. Tumeziita za usiku kwa sababu wengi huja usiku, lakini mzee asiyetembea gizani na mama mwenye mtoto mchanga wana haki ileile.

Usiku

Kati ya Magharibi na Isha hatufungui. Muda huo ni mfupi: mtu afuturu, aswali, akae kidogo na watu wake, mara Isha imeadhiniwa.

Tunafungua baada ya muda wa saa moja na nusu tangu adhana ya Isha. Wiki ya kwanza hiyo inaangukia saa 3:15 usiku. Tumepima kwa wanaoswali rakaa 20 na witri, si kwa wanaoswali 8 tu, ili msikiti wa mwisho kutoka uwahi sawa na wa kwanza. Adhana ikisogea kwa dakika kadhaa kadiri mwezi unavyokwenda, nasi tunasogea nayo. Ratiba ya nyakati za sala imebandikwa mlangoni, na pembeni ya kila tarehe tumeandika kwa kalamu nyekundu saa ya kufungua. Tunafunga saa 6 usiku, ili watu wapate usingizi kabla ya daku.

Usiku wa kwanza kabisa, ule wa kuamkia funga ya kwanza, hatufungui. Tunaanza jioni ya funga ya kwanza.

Kumi la kwanza: watoto

Nguo zote za watoto zinapungua asilimia 20. Tumezitanguliza kwa makusudi. Wazazi wengi huziacha mpaka siku tatu za mwisho, na hapo saizi za miaka minne hadi saba ndizo huisha mapema, mtoto akabaki na gauni la kumvuta mabegani. Ukinunua sasa ukaona mtoto kaongezeka, mrudishe tumbadilishie saizi bila malipo mpaka funga ya 25, mradi nguo haijavaliwa na kidani cha bei hakijakatwa.

Kuna jambo moja halina mwisho wa tarehe. Yeyote anayewanunulia mayatima, awe mtu mmoja au kikundi cha msikiti, tunamuuzia kwa bei tuliyonunulia sisi, mwezi mzima, mchana na usiku. Hatuombi barua wala picha za watoto. Tuambie idadi na saizi tu.

Kumi la kati: kanzu, abaya, baibui na mitandio

Hapa punguzo ni asilimia 15, na fundi anapunguza urefu bure. Kwa kanzu atakupima ukiwa umesimama wima na viatu utakavyovaa, maana kanzu iliyopimwa mezani ndiyo hiyo inayokuja kuburura. Anayetaka pindo lake liwe juu ya fundo za miguu aseme mapema. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Wanawake watapimwa na fundi wa kike, katika chumba chenye mlango wa kufungwa kwa ndani.

Fundi anapokea kazi ya mwisho usiku wa 24. Baada ya hapo tutauza nguo kama ilivyo. Tafadhali msitusihi, kwa sababu kila kanzu inayopokelewa kwa huruma usiku wa 28 inachelewesha ya mtu aliyewahi.

Ambaye hana fedha yote atoe nusu. Tunamwekea nguo kwa jina lake, kwa bei ya punguzo, mpaka usiku wa 28.

Kumi la mwisho

Hapa tunaomba msome taratibu, kwani usiku wa Kiislamu hutangulia mchana wake. Usiku wa 21 ni ule unaoingia jua likizama baada ya funga ya 20. Usiku wa 27 unaingia baada ya kufuturu funga ya 26. Kila mwaka kuna mteja anayekuja akiwa amekosea hesabu kwa siku moja.

Usiku wa witiri, yaani 21, 23, 25, 27 na 29, duka linafungwa saa 5, na hakuna punguzo jipya. Ndimo Lailatul-Qadri inamotafutwa, nasi tunataka kusimama usiku huo kama ninyi. Tunajua biashara ya siku hizo ni kubwa. Tumeshakubaliana na wauzaji wote, na mishahara yao haitapungua kwa saa zilizofupishwa.

Usiku wa shufwa, 22, 24, 26 na 28, tunakaa mpaka saa 7 usiku, na ukinunua nguo mbili ya tatu unailipia nusu bei. Inayolipiwa nusu ni ile ya bei ya chini kati ya hizo tatu. Aliye kwenye itikafu amtume ndugu yake na vipimo vilivyoandikwa, isipomkaa, tutabadilisha.

Usiku wa kuandama mwezi

Jioni ya funga ya 29 tutasubiri tangazo la mwezi kama watu wote. Mwezi ukiandama hakuna tarawehe, kwa hiyo tutafungua mara tangazo litakapotoka, tutasimama nusu saa kwa ajili ya Isha, kisha tutaendelea hadi saa 8 usiku. Usipoandama, huo ni usiku wa 30: tunarudi kwenye saa zetu za kawaida na punguzo la nguo tatu linaendelea, kisha saa za mkesha wa Idi zinahamia jioni inayofuata. Anayekuja usiku wa mkesha akumbuke kutoa zakatul-fitri yake kwanza, kwani wakati wake unaisha kabla ya sala ya Idi, na sisi tutakuwa wazi mpaka usiku mkubwa.

Hatujapandisha bei yoyote ili tuishushe. Vidani vya Shaabani bado vimening'inia kwenye nguo, na bei mpya imeandikwa chini ya ile ya zamani.

Siku ya Idi tumefunga. Idi ya pili tunafungua baada ya Alasiri, na kubadilisha saizi za nguo za wakubwa kunaendelea hadi siku ya saba ya Mfunguo Mosi.