Sweta la Irkutsk

"Hasi ishirini, Bibi. Mwezi wa kwanza huo."

"Hasi ndiyo nini?"

Tumaini akafikiria. "Huko kuna ziwa linaitwa Baikal. Linaganda, magari yanapita juu yake."

Sindano zikasimama. "Magari?"

"Magari, Bibi."

Bibi hakusema neno. Akafumua safu zote alizokwisha kufuma tangu asubuhi, akaanza upya kwa nyuzi mbili kwa pamoja.

Si kwamba baridi ilikuwa ngeni kwake. Njombe mwezi wa saba barafu hubabua majani ya viazi usiku mmoja, na yeye ndiye aliyewafumia watoto wa mtaa mzima masweta ya shule. Ila hayo yalikuwa ya uzi wa dukani. Kwa safari hii alikwenda kwenye mitumba, akachomoa uzi kwenye kila sweta lililomvutia na kuuwashia kiberiti. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, anatupa. Ukinuka nywele iliyoungua, hiyo ndiyo sufu.

"Mama, unaniunguzia mali!" muuzaji akalalamika.

"Mali gani, plastiki hii?"

Alirudi na mawili, moja la bluu, jingine la kahawia, akayafumua yote na kuosha uzi. Rangi zilipochanganyika zikatoa kitu kama tope la barabarani. Tumaini aliona, akanyamaza. Nani angethubutu?

Jioni ya mwisho alilivaa. Mikono ilimfunika hadi kwenye kucha.

"Bibi, mbona kubwa hivi?"

"Udaktari miaka mingapi?"

"Sita."

"Sasa unataka nikufumie la mwaka mmoja? Mume wangu wewe, utanenepa. Usije ukaniaibisha kwa hao wake wenzangu wa Kirusi."

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, begi likazidi kilo mbili. Dada wa kaunta akamwambia apunguze au alipie. Tumaini akatazama unga wa ulezi, vitabu, viatu. Akatoa sweta. Akasita kidogo, kisha akalivaa pale pale, kwenye joto lile, foleni nzima ikimwangalia.

"Kaka, unaumwa?" dada akauliza.

"Naenda Siberia."

Jasho lilikuwa limeshafika kiunoni alipopita kwenye ukaguzi, ambako walimwamuru alivue.

Mwezi wa kumi na moja alipiga simu. Bibi alikuwa shambani, simu ikashikwa na mtoto wa jirani aliyekimbia nayo hadi kwenye matuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ziwa limeganda?"

"Bado. Mto nao bado. Ila theluji imeanguka, wenzangu wote wamenunua makoti."

"Na wewe?"

"Nimevaa koti, na sweta ndani. Nalala nalo pia."

"Linabana?"

"Hapana. Mikono tu, bado mirefu."

"Ikunje," Bibi akasema, "na uache kulala na nguo ya kutokea, utaichakaza."